Mgonjwa wa ini, albumini 24, tumbo limejaa maji: je, ni albumini kweli?

Karafuu_Tudor
Salaam wakuu. Swali hili lilikuja kwenye mtihani wetu wa majaribio na darasa limegawanyika, kwa hiyo nalileta hapa.

Mwanamume wa miaka 58 ana sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Tumbo limejaa maji, miguu inabonyea mpaka chini ya magoti. Albumini ya damu ni gramu 24 kwa lita. Badiliko kuu lililojaza maji tumboni ni lipi? A: shinikizo ndani ya kapilari limepanda. B: mvuto wa protini za damu umepungua. C: kuta za kapilari zinavuja. D: mishipa ya limfu imeziba.

Karatasi ya majibu inasema B. Mimi nilichagua A na bado nashikilia. Kama albumini ndiyo chanzo, mbona maji yalikimbilia tumboni kwanza? Albumini imepungua mwili mzima, haikupungua tumboni peke yake.

Jongoo_Makupa
Dada, hapo hakuna fumbo. Ini ndilo linalotengeneza albumini. Kawaida ni 35 mpaka 50, huyu ana 24. Protini zikipungua, damu haina cha kuyashika maji, yanatoka. Chukua hesabu ya darasani: kapilari upande wa ateri ina shinikizo la 35 mmHg, upande wa vena 15, na mvuto wa protini ni 25. Mwanzoni 35 toa 25, maji yanatoka kwa 10. Mwishoni 15 toa 25, yanarudi kwa 10. Sasa mvuto ukishuka mpaka 15, mwishoni ni 15 toa 15, hairudi hata tone. Amevimba. Jibu B, tulale.

Abuu_Kisauni
Mimi si mtu wa udaktari, nisameheni. Jirani yetu mguu mmoja umevimba miaka mingi, ngozi imekuwa ngumu kama ya ndovu. Naye apimwe hiyo albumini?

MzeeWaWodi
@Abuu_Kisauni, huyo wa mguu mmoja na ngozi ngumu ni jambo jingine. Kwetu pwani ukiona hivyo fikiria matende, yaani mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya tishu kwenye damu, imeharibiwa na minyoo inayoletwa na mbu. Kwenye swali la Karafuu hiyo ni D. Albumini ikishuka, miguu yote miwili huvimba, na ukibonyeza kidole shimo linabaki. Mpelekeni kliniki aangaliwe, na mguu uoshwe kwa maji na sabuni kila siku na kukaushwa vizuri, hasa katikati ya vidole, maana vidonda vidogo ndivyo vinavyouzidisha.

@Jongoo_Makupa, hesabu yako umeitoa vizuri ila umeacha nusu ya kanuni ya mwanafiziolojia Starling. Iandike yote:

```
Jv = Kf × [(Pc − Pi) − σ(πc − πi)]
```

Jv ni maji yanayotoka, Kf ni urahisi wa ukuta kuyapitisha, Pc na Pi ni shinikizo ndani na nje ya kapilari, πc na πi ni mvuto wa protini ndani na nje, na σ nitaieleza baadaye. Wewe umeshusha πc ukaiacha πi ilipo. Hiyo ni protini iliyo nje ya kapilari, kwenye tishu, nayo haikai palepale. Albumini ikipungua polepole kwenye damu, inayovuja kwenda nje nayo hupungua, na limfu inaendelea kuifagia ile iliyokuwepo. Chukua mfano tu wa hesabu: ndani 25, nje 10, tofauti ni 15. Baada ya miezi ndani imekuwa 17, nje imekuwa 4, tofauti ni 13. Mvuto ndani ya damu umepungua kwa 8, lakini kinachoyashika maji kimepungua kwa 2 tu. Kapilari haijui namba iliyoandikwa kwenye fomu ya maabara, inajua tofauti.

Jongoo_Makupa
Mzee nakuheshimu, lakini watoto wa utapiamlo wanaovimba je? Albumini yao iko chini na wanavimba. Hapo utasema nini?

MzeeWaWodi
Nitasema uangalie wanavyopona. Mtoto wa kwashiakoo akilishwa inavyotakiwa, uvimbe huondoka albumini ikiwa bado iko chini vilevile. Daktari Golden aliliandika hilo mwaka 1980, na wodini utaliona mwenyewe: mtoto anakojoa, uzito unashuka, uso unarudi, ukipima damu albumini bado. Kama ndiyo iliyomvimbisha, imemwachaje?

Na wapo watu wachache sana duniani waliozaliwa bila albumini kabisa. Wengi wao wana uvimbe mdogo wa miguu, wengine hawana hata huo. Protini nyingine za damu huongezeka na kufidia kiasi.

Nahodha_wa_Figo
Mzee, hapo umeegemea upande mmoja sana. Tofauti hukaa vilevile mpaka mahali fulani tu. πi ikishafika karibu na sifuri haina pa kushuka tena, na kuanzia hapo kila gramu ya albumini inayopotea inaonekana mguuni. Na albumini ikishuka kwa ghafla, tishu hazipati muda wa kujirekebisha. Mimi naona watoto wenye albumini ya 12 na 10 kwa sababu figo zao zinavujisha protini kwenye mkojo, na siwezi kumwambia mama yao albumini haihusiki.

Karafuu_Tudor
Shukrani wote. Lakini turudi kwenye ini. Kwa nini tumboni?

MzeeWaWodi
Kwa sababu ya σ, ile herufi ambayo wanafunzi huinakili bila kuitazama. Inaeleza ukuta unaizuia protini kiasi gani. Ikiwa 1, protini haipiti kabisa na mvuto wake wote unafanya kazi. Ikiwa 0, protini inapita kama maji na mvuto wake hauna maana yoyote.

Kapilari za mguu ziko karibu na 1. Vijishipa vya ndani ya ini viko karibu na 0, kwa sababu vina matundu makubwa. Limfu inayotoka kwenye ini lenye afya ina protini karibu sawa na damu yenyewe. Kwa hiyo hapo kinachoamua maji yatoke kiasi gani ni shinikizo, basi. Ini likishakuwa na makovu, damu ya mshipa mkuu unaotoka matumboni haipiti kwa urahisi, shinikizo linapanda, na limfu inatengenezwa kuliko mishipa yake inavyoweza kuibeba. Inayozidi inadondokea kwenye uwazi wa tumbo. Ndiyo maana tumbo linatangulia, miguu inafuata. Karafuu, jibu lako A ndilo ninalolikubali.

Jongoo_Makupa
Ngoja kwanza. Hayo matundu ya ini si huzibwa na makovu katika sirosisi? Kama yanazibwa, σ inapanda, na mvuto wa protini unapata kazi tena. Na kapilari za utumbo, ambazo nazo zinamwaga maji kwenye presha ileile, hazina matundu ya namna hiyo. Kwa hiyo albumini haijatoka mchezoni.

MzeeWaWodi
Hapo umesema kweli kabisa. Sirosisi ikikomaa, limfu ya ini huwa na protini kidogo kuliko ya ini lenye afya, kwa sababu hiyohiyo uliyoitaja. Albumini ya chini inaongeza mzigo, sikatai. Ila swali limeuliza badiliko kuu.

Fundi_wa_Maabara
Nimesoma mpaka hapa na nashangaa hakuna aliyeuliza jambo rahisi: maji ya tumboni yalipimwa? Hapo ugomvi wenu ungepungua.

Unachukua albumini ya damu, unatoa albumini ya maji ya tumbo, sampuli zote mbili za siku moja. Tofauti ikiwa gramu 11 kwa lita au zaidi, kuna presha kubwa kwenye mshipa unaoingia ini. Ikiwa chini ya 11, tafuta sababu nyingine. Daktari Runyon na wenzake waliipima njia hii mwaka 1992, ikapatia karibu mara 97 katika 100.

Na ukiitazama vizuri ni kanuni ya Starling ileile, imepimwa kwa chupa mbili. Maji yanatoka kwa kusukumwa na presha, yanarudishwa kwa tofauti ya protini. Mambo yakitulia, tofauti ya protini hulingana na presha inayosukuma. Kwa hiyo tofauti ikiwa kubwa, ujue kuna presha kubwa inayoisawazisha. Kama tatizo lingekuwa albumini peke yake bila presha, tofauti ingekuwa ndogo.

Mfano. Mgonjwa wa Karafuu ana 24 kwenye damu. Tuseme maji ya tumbo yana 7. Tofauti ni 17, presha ipo, jibu A limepata shahidi. Sasa mtoto wa Nahodha: damu 14, maji 6, tofauti 8. Huyo tumbo lake halikujazwa na presha ya ini.

Muuguzi_Changamwe
Na mgonjwa wa moyo akijaa tumbo? Sisi tunao wengi na madaktari wapya huwachanganya na wa ini.

Fundi_wa_Maabara
Tofauti yake nayo huwa kubwa, kwa sababu presha inarudi nyuma kutoka moyoni, inapita kwenye vena mpaka ndani ya ini. Tuseme damu 34, maji 19, tofauti 15. Kwa tofauti hiyo peke yake hutamtenganisha na wa sirosisi. Ndipo unatazama jumla ya protini kwenye yale maji. Kwa wa moyo kawaida inazidi gramu 25 kwa lita, kwa wa sirosisi kawaida iko chini yake. Sababu ameshaigusa Jongoo: ini la mgonjwa wa moyo bado lina matundu yake, kwa hiyo maji yanatoka na protini tele. La sirosisi limeshayaziba.

Jongoo_Makupa
Kumbe nimeigusa. Mzee, umeona?

MzeeWaWodi
Nimeona. Sasa irudie ile hesabu yako ya 35 na 15, maana hiyo sijaiacha.

Jongoo_Makupa
Hiyo ni ya Starling mwenyewe, 1896. Huwezi kuibomoa.

MzeeWaWodi
Starling mwaka 1896 alitia maji ya chumvi kwenye tishu za mguu wa mbwa, akaona damu inayopita inayafyonza. Alipotia majimaji ya damu yenye protini, hayakufyonzwa. Hicho ndicho alichoonyesha, kwamba protini ina mvuto. Ile picha ya maji kutoka upande mmoja wa kapilari na kurudi upande wa pili kutwa kucha ilichorwa na waliomfuata.

Na ina tatizo. Simama kwenye foleni ya feri Likoni bila kutikisika. Uzito wa damu kutoka moyoni mpaka unyayoni unapandisha presha ya vena za mguu mpaka karibu 90 mmHg. Mvuto wa protini ni 25. Upande wa vena utarudishaje maji hapo? Hauwezi. Katika tishu nyingi maji yanatoka kidogo kidogo kapilari nzima, na yanayorudi yanarudi kwa limfu. Watafiti Levick na Michel walilipanga jambo hili vizuri mwaka 2010. Mvuto unaohesabika ni ule wa nafasi ndogo sana iliyo chini ya utando wa sukari unaofunika ukuta wa kapilari kwa ndani, wala si wa tishu nzima. Utumbo na figo ni tofauti, kwa sababu huko kazi yenyewe ni kufyonza.

Karafuu_Tudor
Basi kwenye mtihani niandike ipi? Mwalimu wetu anasahihisha kwa 35 na 15.

Nahodha_wa_Figo
Andika ya mwalimu, kisha ongeza sentensi moja ya limfu. Hakuna aliyekatwa alama kwa kuitaja limfu.

MzeeWaWodi
Mimi sikubaliani. Tukiendelea kuwafundisha hivyo, wanafika wodini wanaamini chupa ya albumini itayavuta maji yote ya mguuni yarudi kwenye damu. Wanaingiza, na maji hayarudi walivyotarajia.

Nahodha_wa_Figo
Lakini mzee, albumini kwa mgonjwa wa ini si upotevu. Ukitoa zaidi ya lita 5 za maji ya tumbo kwa mara moja, gramu 8 kwa kila lita iliyotolewa zinalinda mzunguko wa damu na figo. Na Waitalia mwaka 2018 waliwapa wagonjwa wa sirosisi albumini kwa muda mrefu, wakaishi zaidi.

MzeeWaWodi
Na Waingereza mwaka 2021 waliwapa waliolazwa, wakilenga kuifikisha 30, na hawakuona faida. Walichoona zaidi ni maji kwenye mapafu. Ya kutoa maji tumboni nakubali, lakini hiyo ni ya kujaza mishipa, si ya kukausha miguu.

Nahodha_wa_Figo
Wagonjwa hawakuwa wa aina moja, na muda haukuwa mmoja. Usiyaweke majaribio hayo mawili kwenye mizani moja.

BintiLikoni
Samahani kuingilia. Mama yangu miguu inavimba jioni, yote miwili. Alipimwa moyo, ini, figo, albumini, vyote vizuri. Alipewa dawa ya kukojoza, anakojoa usiku kucha na miguu iko vilevile. Kwa maelezo yenu haingii kundi lolote.

Muuguzi_Changamwe
Pole na mama. Anatumia dawa ya presha? Ipi?

BintiLikoni
Ndiyo, amlodipini. Walimwongezea ikawa miligramu 10.

Muuguzi_Changamwe
Basi anza hapo. Uvimbe ulianza kabla au baada ya kuongezewa?

BintiLikoni
Baada! Sikuwahi kuviunganisha.

MzeeWaWodi
Binti yangu, mama yako ni Pc tupu, lile shinikizo la ndani ya kapilari. Amlodipini inafungua vijiateri vinavyoingia kwenye kapilari, lakini vena zinazotoa damu hazifunguki kiasi hicho. Presha ya mwili inashuka, ila ile iliyo ndani ya kapilari za mguu inapanda. Mwili wake haukuhifadhi maji ya ziada, ndiyo maana dawa ya kukojoza haikusaidia. Asiiache mwenyewe, presha itapanda. Arudi kliniki, wapunguze kipimo, au waongeze dawa ya kundi la enalapri au losatani, ambazo hufungua na upande wa vena na uvimbe hupungua. Au wabadilishe kabisa. Na hata hivyo wamkague miguu, mshipa ulioganda damu usisahaulike kama mmoja utavimba kuliko mwenzake.

BintiLikoni
Shukran sana mzee wangu. Nampeleka.

Karafuu_Tudor
Kwa hiyo amlodipini na moyo ulioshindwa vyote ni Pc. Mbona mmoja anapona kwa dawa ya kukojoza na mwingine haponi?

Nahodha_wa_Figo
Kwa sababu moyo haufanyi kazi hiyo peke yake. Hapa ndipo wengi wanaposimama mapema. Wanasema moyo umeshindwa kusukuma, damu inarundikana nyuma, vena zinajaa, miguu inavimba. Lakini fikiri: damu yote mwilini ni kama lita 5. Ukihamisha kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, utapata wapi lita za kujaza miguu yote miwili? Kabla kidole hakijaacha shimo mguuni, karibu lita 3 zimeshaongezeka kwenye tishu. Hayo maji yameingia kutoka nje ya mwili, na aliyeyaweka ni figo. Figo inaona damu inayofika ni hafifu, inaamini mwili umekauka, inaita homoni za renini na aldosteroni, inashika chumvi.

Kila lita ya maji hayo inakwenda na gramu 9 hivi za chumvi. Lita 3 ni gramu 27. Chumvi isipoingia na kushikwa, uvimbe huo hauwezi kutokea hata moyo uwe dhaifu namna gani.

Muuguzi_Changamwe
Hii ndiyo ninayoiona kila Ramadhani ikiisha. Mgonjwa alitoka vizuri, anarudi hapumui, hawezi kulala chali. Unamuuliza chakula, anakwambia wali tu. Unauliza na kitoweo? Ng'onda. Na achari pembeni. Ng'onda imekaa kwenye chumvi siku nzima kabla ya kuanikwa juani!

Mimi nawaambia wanunue mizani ya sakafuni. Wapime asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kunywa chai. Ikipanda kilo 2 ndani ya siku 3, waje, wasingoje miguu. Mguu unachelewa, mizani haichelewi.

Jongoo_Makupa
Sasa Nahodha, kwa hoja yako hata sirosisi ni figo. Nao wanashika chumvi.

Nahodha_wa_Figo
Wanashika, na kwa nguvu sana. Mishipa ya matumboni inatanuka, damu inakaa huko, figo inajiona imenyimwa. Ndiyo maana spironolaktoni, dawa inayoizuia aldosteroni, inafanya kazi kwao. Starling anaeleza maji yatatokea wapi. Figo inaeleza kuna maji kiasi gani ya kutoka. Swali la mtihani limeuliza la kwanza tu.

Jongoo_Makupa
Na kwa mtoto wa figo mwenyewe? Albumini imeshuka, damu imepungua, figo ikashika chumvi. Hapo albumini imeanza, kubali.

Nahodha_wa_Figo
Kwa baadhi yao ndivyo. Mtoto anakuja na mikono ya baridi, mapigo ya haraka, mkojo kidogo, huyo mishipa yake ni mitupu kweli. Lakini wengine presha iko juu, vena zimejaa, na figo bado inashika chumvi. Kwao protini inayovuja kwenye mkojo inakuja na kimeng'enya kiitwacho plazmini, na plazmini inafungua milango ya sodiamu ndani ya figo yenyewe. Wakubwa wanabishana ni wangapi wako upande upi, na mimi mgonjwa mmoja mmoja namwangalia kabla ya kumpa dawa ya kukojoza, furosemidi. Yule wa mikono ya baridi ukimkausha utamwumiza.

Fundi_wa_Maabara
Karafuu, mwulize mwalimu kama swali lilikuwa na kipimo cha maji ya tumbo kikakatwa wakati wa kuchapa. Bila hicho, A na B watagombana mpaka kesho.

Karafuu_Tudor
Nimemwuliza leo mchana. Amesema kipimo hakikuwepo, na B inabaki kwa sababu iko kwenye mwongozo. Lakini amenipa mgonjwa mwingine wa kufikiria: sirosisi inajulikana, damu 26, maji 9, tofauti 17, ila jumla ya protini kwenye maji ni 31. Hajasema jibu.

Fundi_wa_Maabara
Presha ipo. Protini 31 si ya sirosisi ya kawaida. Moyo umeangaliwa?

MzeeWaWodi
Kabla ya mashine, mlaze nyuzi 45, mtazame mshipa wa shingo. Wa sirosisi tupu shingo yake kawaida haijajaa. Ukiona umejaa mpaka karibu na sikio, ini lake huenda liliharibiwa na moyo toka mwanzo. Na utando unaozunguka moyo, ukikakamaa baada ya kifua kikuu, hufanya hivyohivyo na hupita bila kuonekana miaka.

Jongoo_Makupa
Au amepewa dawa za kukojoza muda mrefu, maji yakapungua na protini ikabaki imekolea. Hilo nalo hupandisha namba.

MzeeWaWodi
Nalo linawezekana. Karafuu, mwulize mwalimu mgonjwa alikuwa anatumia dawa gani, na shingo ilikuwaje.